PTO inayoteleza msimu wa kupukuchua: anza kwa nafasi za klachi kabla ya kuipasua trekta

Mahindi ya Kiminini hupandwa Machi na Aprili, na kuanzia Oktoba hadi Desemba mashine za kupukuchua hazipumziki katika mashamba yaliyo kando ya barabara ya Kitale kwenda Webuye. Mashine hizo huvutwa hadi shambani na trekta, kisha trekta ileile husimama na kuzizungusha kwa PTO, na mwenye mashine hulipwa kwa gunia. Ndipo kasoro iliyolala miezi yote ya kulima na kubeba mizigo hujitokeza. Mashine ikiwa tupu huzunguka vizuri, lakini magunzi yakianza kuingia kwa wingi ngoma inapunguza mwendo, injini inaendelea kunguruma kama kawaida, na baada ya dakika chache harufu ya kuungua inatoka chini ya miguu ya dereva. Hukumu inayotolewa papo hapo karibu kila mara ni moja: klachi pleti imekwisha, trekta ipasuliwe. Hoja yangu ni kwamba hukumu hiyo hutolewa mapema mno. Sababu za PTO kuteleza zina mpangilio, zinaanzia nje na kuelekea ndani, na zile za nje hurekebishwa kwa spana na rula bila kutenganisha injini na gia. Tena zile za nje zikiachwa bila kuguswa ndizo huzaa zile za ndani, kwa hiyo anayepuuza marekebisho ya bure hujinunulia pleti mpya, na pengine huiunguza hiyo mpya pia.

Kwanza lazima ijulikane kama kweli ni klachi inayoteleza, kwa sababu kati ya injini na punje kuna sehemu tatu zinazoweza kulegea na zote humfanya mkulima aseme kwamba PTO haina nguvu. Njia ya kuzitenganisha ni kutazama mizunguko mzigo unapoingia. Injini ikipunguza mizunguko pamoja na shafti ya PTO, na moshi mweusi ukatoka, klachi haina hatia: injini imezidiwa, au haipati mafuta ya kutosha, au chujio la hewa limeziba kwa vumbi la magunzi. Shafti ya PTO ikiendelea na mwendo wake huku ngoma ikizubaa, tatizo liko kwenye mikanda ya mashine yenyewe, na klachi pleti mpya haitaondoa chochote. Injini ikishikilia mizunguko yake huku shafti ya PTO ikipungua, hapo ndipo klachi inateleza. Mafundi wengi huitambua tofauti hii kwa sikio, lakini sikio hudanganyika karibu na mashine yenye kelele. Ile mita ndogo ya mkononi inayohesabu mizunguko kwa mwanga hutoa jibu lisilobishaniwa. Kibandiko chake kinachoakisi mwanga kibandikwe injini ikiwa imezimwa, mahali panapoonekana bila kuondoa kikinga cha shafti, na anayepima asimame mbali na shafti inayozunguka.

Tuchukue mfano wa hesabu. PTO ya kawaida katika matrekta haya imepangwa izunguke mara 540 kwa dakika, na mita ya injini huwa na alama inayoonyesha kasi ya kufikia hapo. Tuseme kwenye trekta fulani alama hiyo iko kwenye mizunguko 1,700 ya injini. Mzigo ukiingia, injini inashuka hadi 1,650, jambo la kawaida kabisa. Kwa uwiano wa gia, shafti ya PTO inapaswa kuwa kwenye 524. Mita ikisoma 460, mizunguko 64 imepotea njiani, nayo ni asilimia 12. Gia haziwezi kuteleza, kwa hiyo upotevu huo wote uko kwenye klachi. Sasa tazama maana yake. Kama injini inapeleka kilowati 25 kwenye klachi, kilowati 3 zinageuka joto ndani ya nyumba ya klachi iliyofungwa, sawa na pasi tatu za umeme zilizowashwa na kufungiwa pamoja kwenye sanduku la chuma. Lainingi haistahimili joto hilo kwa saa nyingi. Hung'aa kama kioo, mshiko wake hupungua, utelezi huongezeka, na joto huzidi tena. Ndiyo maana trekta iliyoanza asubuhi ikiteleza kidogo inaweza kushindwa kabisa kuikamata mashine kufikia adhuhuri, ingawa hakuna kilichovunjika.

Hesabu hiyo inajibu pia ushauri unaotolewa sana shambani, kwamba PTO ikiteleza dereva aongeze mafuta. Uwezo wa klachi wa kushika unatokana na mambo machache: nguvu ya springi zinazoibana pleti, ukali wa lainingi, ukubwa wa pleti na idadi ya nyuso zinazogusana. Mizunguko ya injini haimo. Kuongeza mafuta hakuongezi mbano hata kidogo. Kunapanua tofauti ya mwendo kati ya flaiwili na pleti, na tofauti hiyo ndiyo inayotengeneza joto. Ngoma inaweza kuonekana imechangamka kwa muda mfupi kwa sababu imepokea msukumo wa flaiwili iliyokuwa na kasi zaidi, kisha magunzi yanayofuata yanairudisha chini ikiwa katika hali mbaya kuliko mwanzo.

Ili kujua pa kuanzia, ni lazima kuielewa klachi yenyewe. Matrekta mengi ya Massey Ferguson yenye umri hutumia klachi ya hatua mbili. Ndani ya nyumba moja kuna pleti mbili: moja hupeleka nguvu kwenye gia za mwendo na ya pili hupeleka nguvu kwenye PTO kupitia shafti yenye uwazi katikati, ambamo shafti ya mwendo hupita. Pedali ni moja. Ikikanyagwa nusu, pleti ya mwendo huachia na trekta husimama huku PTO ikiendelea kuzunguka; ikikanyagwa mpaka chini, ya PTO nayo huachia. Hatua hizo mbili hutenganishwa na nafasi ndogo sana. Kwenye kifuniko cha klachi kuna bolti tatu za kurekebishia, na kati ya kila bolti na sahani inayobana pleti ya PTO huachwa uwazi wa kama milimita 2. Kitabu cha modeli husika ndicho chenye kipimo kamili. Pedali inapovuta hatua ya kwanza uwazi huo unajifunga, na ukishajifunga bolti zinaanza kuivuta sahani ya PTO. Kipimo hicho cha milimita 2 ndicho kiini cha makala haya, kwa sababu matatizo mawili yanayopingana hutoka hapo. Uwazi ukiisha kabisa, bolti huishikilia sahani hata mguu usipokuwa kwenye pedali, springi hazipati nafasi ya kuibana pleti kikamilifu, na PTO inateleza chini ya mzigo ingawa lainingi bado ni nene. Uwazi ukizidi, pedali hufika chini kabla PTO haijaachia, shafti huendelea kuzunguka, na mkono wa PTO hugoma kuingia au huingia kwa kusaga meno.

Nje ya kifuniko hicho kuna nafasi ya pili, ile ya pedali, ambayo mafundi huiita mchezo. Pedali inapaswa kushuka kidogo bila uzito wowote kabla beringi ya klachi haijavigusa vidole. Lainingi inapolika, vidole hurudi nyuma kuelekea beringi na mchezo hupungua wenyewe, hata kama hakuna aliyegusa chochote. Mchezo ukiisha, beringi huvilalia vidole muda wote, ikavisukuma kidogo kidogo, na klachi inakuwa kama imekanyagwa kwa mguu usioonekana. Katika klachi ya hatua mbili pleti ya mwendo ndiyo huumia kwanza kwa kasoro hii, kisha ya PTO hufuata ikiwa ule uwazi wa bolti nao umekaribia kuisha. Hapa ndipo kuna kipimo kizuri kisichohitaji kifaa chochote. Ipeleke trekta kwenye mlima mfupi ikiwa na mzigo, kwa gia kubwa, uongeze mafuta. Injini ikipanda bila mwendo kuongezeka, pleti zote mbili zinateleza, na wa kushukiwa kwanza ni mchezo wa pedali au mafuta yaliyoingia ndani ya klachi. Mwendo ukiwa imara huku PTO peke yake ikiteleza kwenye mashine, macho yaelekee kwenye bolti tatu na kwenye pleti ya PTO. Msimu wa kupukuchua huificha tofauti hii kwa sababu trekta imesimama kutwa nzima, na mwenye trekta hajui kama gia za mwendo nazo zingeteleza.

Kurekebisha kunafuata utaratibu. Trekta isimame pa tambarare, gia iwe huru, breki ya mkono ivutwe, injini izimwe na mkono wa PTO utolewe. Pedali isukumwe kwa mkono, si kwa mguu, kwa sababu mguu hauhisi pale wepesi unapogeuka uzito. Umbali huo upimwe kwa rula na ulinganishwe na kitabu cha modeli. Ukiwa mdogo au haupo, unarudishwa kwenye fito inayounganisha pedali na mkono wa klachi: nati ya kufungia inalegezwa, fito inarefushwa au kufupishwa, na nati inakazwa tena. Kwenye modeli nyingine pedali yenyewe hulegezwa kwenye shafti yake na kuzungushwa kidogo. Kabla ya kurekebisha, pini na matundu ya fito yaangaliwe. Pini iliyolika hutoa mchezo wa uongo: pedali inashuka bure, rula inaonyesha kipimo kizuri, kumbe mchezo wote uko kwenye tundu lililopanuka na beringi imeshavilalia vidole. Kinyume chake hutokea pia, mkono wa klachi ukashikwa na kutu na matope mpaka springi ya kurudisha ikashindwa kuurejesha, na PTO ikateleza kwa sababu ya springi ndogo ya nje.

Baada ya hapo ndipo kifuniko cha ukaguzi kwenye nyumba ya klachi hufunguliwa. Injini huzungushwa kwa mkono mpaka bolti ya kwanza ionekane, uwazi hupimwa kwa fila geji, nati ya kufungia hulegezwa, bolti hurekebishwa, nati hukazwa na uwazi hupimwa mara ya pili kwa sababu kukaza nati huusogeza. Kazi hiyo hurudiwa kwa bolti ya pili na ya tatu. Zote tatu lazima ziwe na kipimo kimoja. Fundi anayelegeza moja kwa kubahatisha huifanya sahani ivutwe upande, na matokeo yake ni klachi inayotetemeka inapokamata na pleti inayolika upande mmoja. Kazi ikiisha, mchezo wa pedali upimwe tena, kisha mashine ifungwe na hesabu ya mizunguko irudiwe. Kwenye trekta yenye mkono wa pekee unaovuta klachi ya PTO kwa fito au waya, mantiki ni ileile: mkono huo nao unapaswa kuwa na mchezo wake, na waya uliokazwa mno huiachisha klachi nusu hata mkono ukionekana umefungwa kabisa.

Dondoo moja kuhusu matrekta ambayo maelezo haya hayayahusu. Ford 5000 na 6600 zenye PTO huru, na nyingi za kisasa, hukamata PTO kwa klachi ya pleti nyingi inayobanwa na mafuta ya haidroliki. Huko hakuna bolti tatu. PTO ikiteleza, huangaliwa kimo cha mafuta, chujio, kisha shinikizo kwa kutumia geji, na sili zilizolika ndani ya klachi ndizo huwa za mwisho kushukiwa. Kumwambia mwenye trekta kama hiyo arekebishe pedali ni kumpotezea siku.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja yangu lina uzito, na mafundi wazoefu ndio hulitoa. Wanasema kwamba mchezo ukiisha ni kwa sababu lainingi imelika, hivyo kurekebisha ni kuahirisha tu kazi ambayo lazima ifanyike, na heri kuipasua trekta mara moja. Ni kweli kwamba mchezo unaopungua ni dalili ya kulika. Lakini klachi imetengenezwa kwa kutarajia lainingi ilike taratibu. Fito ikapewa uzi wa kurekebishia na bolti zikapewa nati kwa ajili hiyohiyo. Lainingi iliyolika nusu na kupewa nafasi yake hubana kwa nguvu inayotosha. Lainingi hiyohiyo ikinyimwa nafasi huteleza, huungua na kuisha kwa siku chache. Kwa hiyo marekebisho hayaahirishi kifo cha pleti pekee. Huamua kama pleti itakufa kwa uzee au kwa moto. Pale ninapokubaliana nao ni hapa: nafasi zote zikiwa zimewekwa sawasawa na PTO bado inateleza kwa kipimo cha mita, au fito imefika mwisho wa uzi wake, hakuna tena cha kurekebisha. Kuendelea kukaza na kulegeza baada ya hapo ni kumdanganya mwenye mahindi.

Kuna hali moja ambamo trekta ipasuliwe hata kama nafasi ni sahihi na lainingi ni nene, nayo ni mafuta. Chini ya nyumba ya klachi kuna tundu dogo, kwenye matrekta mengi huwa na pini, lililowekwa ili mafuta yanayovuja yatoke badala ya kujikusanya. Tundu hilo likizibwa na matope ya shambani, mafuta hubaki ndani na kurushwa kwenye pleti. Lisafishwe na kitazamwe kinachotoka. Mafuta meusi yanatoka kwenye injini, kwa sili ya nyuma ya krankshafti; mafuta mepesi yenye rangi ya asali yanatoka upande wa gia, kwa sili za shafti za klachi. Lainingi iliyonyonya mafuta haiponi kwa kuoshwa na petroli, maana joto la kazi huyatoa tena kutoka ndani yake. Na kubadilisha pleti bila kubadilisha sili ni kuilowesha pleti mpya.

Pingamizi la pili ni la muda. Mahindi yamesubiri, mvua za Trans Nzoia wakati mwingine hurefuka hadi Novemba, na Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao haipokei mahindi yenye unyevu unaozidi asilimia 13.5, nani ana nafasi ya kufungua vifuniko? Jibu liko ndani ya swali. Kupima mchezo wa pedali ni kazi fupi ya rula, na bolti tatu ni kazi ya asubuhi moja. Kuipasua trekta ni kazi ya siku kadhaa, ukijumlisha safari ya kutafuta speapati Kitale au Bungoma. Anayebanwa na muda ndiye mwenye sababu kubwa zaidi ya kuanza na kazi fupi. Na unyevu unaotajwa hapo una upande wa pili: mahindi mabichi hayaachii gunzi kwa urahisi, hujaza ngoma, na huidai klachi nguvu nyingi kuliko mahindi makavu. Trekta iliyopukuchua makavu vizuri kisha ikateleza kwenye mabichi huenda haina kasoro yoyote ila kulishwa kupita kiasi. Kabla ya kuishika spana, walishaji wapunguze kasi na mizunguko ipimwe tena.

Namna dereva anavyoikamata PTO huamua mengi. Mkono uingizwe injini ikiwa kwenye mizunguko ya chini, pedali iachiwe polepole lakini bila kusita katikati, mafuta yaongezwe hadi alama ya 540, na mahindi yaanze kuingia baada ya hapo. Dereva anayeachia pedali injini ikiwa juu huilazimisha pleti kuiamsha ngoma nzito kutoka kusimama hadi kasi kamili kwa mkupuo mmoja. Ngoma ikisakamwa, PTO iachiwe mara moja na injini izimwe kabla ya mtu yeyote kuingiza mkono. Kuiacha ipambane ili ijifungue ni kuiunguza pleti kwa makusudi. Tabia ya kuegesha mguu juu ya pedali nayo hula mchezo wote ambao fundi ameuweka.

Ikibidi trekta ipasuliwe, pleti zote mbili zikaguliwe hata kama moja tu ndiyo iliyoteleza, na lainingi iliyokaribia vichwa vya ribiti ibadilishwe. Flaiwili na sahani zenye mabaka ya buluu zimepata moto. Zikiwa na nyufa au mawimbi zipelekwe kwa mchonga vyuma au zibadilishwe, na springi zilizopauka kwa joto zisirudishwe. Wapo wanaobandika lainingi mpya kwenye pleti ya zamani, na sioni ubaya wake pale kitovu cha pleti na meno yake yakiwa mazima na lainingi ikafungwa kwa ribiti za kina sahihi. Ubaya ni kuibandika kwenye pleti iliyopinda. Pleti mbili lazima zipangwe katikati kwa kifaa chake wakati wa kufunga, la sivyo shafti ya ndani na ile ya nje hazitaingia na trekta itakataa kuungana. Lainingi mpya hulika haraka katika saa zake za kwanza inapojilaza kwenye chuma, kwa hiyo mchezo wa pedali upimwe tena baada ya siku ya kwanza ya kazi nzito, na mara nyingine kabla ya wiki kuisha.